Naomba ushauri: nakala za mauzo nizihifadhi vipi?

Asalaam aleykum. Nina duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake, kompyuta moja tu. Siku ya kufunga hesabu za mwezi ikagoma kuwaka, diski inagonga tik-tik, na madeni yote ya mafundi yamo humo.

Kijana fundi akanikataza kuiwasha tena: "Kila ukiwasha unaimaliza, mjomba." Akaitoa diski, akaiunga kwenye laptopu yake, akanakili faili la mauzo kwanza, kwani diski yenyewe ilikuwa inasoma kwa kusuasua. Kisha akafunga diski mpya na kurudisha programu. Madeni yamo yote, alhamdulillahi.

Kasema ninakili kila jioni kwenye flashi mbili, moja ilale nyumbani. Je, ikiibiwa? Nyie mnaifungaje kwa nywila, na mnajuaje kuwa nakala itafunguka?