Naomba ushauri: siku finyu ikivunjwa pande zote mbili

Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Natafuta siku finyu: mshumaa wa siku uliokaa wote ndani ya mshumaa wa jana yake, na urefu wake ni mdogo kuliko wa kila siku kati ya sita zilizotangulia. Kimshumaa cha Jumapili sikihesabu, kwa kuwa kina saa chache tu na ufinyu wake ni wa uongo.

Mfano GBPUSD: juu 1.2740, chini 1.2692. Mshumaa ukishafunga, naweka oda ya kununua 1.2743 na ya kuuza 1.2689. Stopu ya kila oda inakaa pale ilipo oda nyingine, kwa hiyo hasara ni pipsi 54. Mtaji ni dola 500 na mpaka wangu wa hasara ni dola 10 kwa siku; oda moja ya loti 0.01 ikipigwa stopu inapoteza dola 5.40.

Kinachonisumbua ni hiki: bei inagusa 1.2743, inashuka hadi 1.2689, inanitoa na papo hapo inaniingiza kwenye kuuza. Ikipanda tena mpaka juu, jumla ni dola 10.80, nimevuka mpaka.

Je, oda moja ikishashika mnafuta ya pili? Au mnaiacha, kwa sababu mvunjo wa pili ndio wenye nguvu?