Kujaza seli tupu kwa jina la juu yake: IF, LOOKUP au SCAN?

Karani_wa_Chama
Wakuu habari za jioni. Nina shiti ya mapokezi ya korosho. Kolamu A ni tawi, B mkulima, C kilo. Shida ni kwamba jina la tawi limeandikwa mara moja tu, kwa mkulima wa kwanza, halafu chini yake patupu mpaka tawi lingine lianze. Mfano: Kitangari ina wakulima watatu, kilo 320, 145 na 210. Mkunya ina wawili, 180 na 95. Nikiandika SUMIFS ya Kitangari napata 320 badala ya 675, kwa sababu mistari mingine haina jina. Nataka kolamu D ibebe jina la tawi kwenye kila mstari, na iwe kwa fomula, maana kila wiki naongeza mistari mipya. Nimeona njia tatu tofauti mtandaoni. Ipi bora?

Mzee_wa_Seli
Rahisi kuliko zote ni hii, weka D2 kisha iburute chini:

```
=IF(A2="",D1,A2)
```

Kama A ina jina, ichukue. Kama ni tupu, chukua jibu la mstari wa juu yake, ambalo lenyewe limeshapata jina. Inaenda haraka hata kwenye mistari mingi na inafanya kazi kwenye Excel ya zamani yoyote.

Fundi_Data
Mimi natumia `=IF(ISBLANK(A2),D1,A2)`, ni ile ile lakini salama zaidi, kwa sababu ISBLANK inauliza moja kwa moja kama seli ni tupu.

Mama_Hesabu
Fundi, hapo umepatia nusu. ISBLANK ni sahihi kama seli ni tupu kweli, yaani haina kitu chochote ndani yake. Lakini karatasi nyingi za matawi zinatoka kwenye mfumo fulani, au zina fomula iliyorudisha `""`. Seli hizo zinaonekana tupu kwa macho, ila ISBLANK inasema FALSE, na D inabaki wazi. Ulinganisho wa `A2=""` unazikamata.

Kinachobaki ni nafasi. Mtu akigusa spesi kwenye seli, hata `=""` inashindwa. Karani, jaribu `=LEN(A3)` pembeni. Ikileta 0, uko sawa. Ikileta 1 au zaidi na huoni kitu, kuna nafasi imejificha, basi tumia `=IF(TRIM(A2)="",D1,A2)`. Data iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti huwa na nafasi ya aina nyingine ambayo TRIM haiiondoi. Hiyo iondoe kwanza kwa `SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),"")`.

Juma_wa_Stoo
Mbona mnajichosha? Chagua kolamu A, bonyeza F5, Special, Blanks, andika `=` kisha mshale wa juu, halafu Ctrl+Enter. Zote zinajaa kwa mpigo.

Mama_Hesabu
Kaka Juma, kwa kazi ya mara moja hiyo ni njia nzuri na mimi naitumia. Ila inaandika juu ya kolamu A yenyewe, na mistari ya wiki ijayo itabidi uijaze upya. Karani anataka ijijaze.

Nirudi kwenye ulinganisho, maana IF ina udhaifu ambao haujatajwa. Kila mstari unategemea jibu la mstari wa juu yake. Ukifuta mstari wa 3, D ya chini yake inakuwa `#REF!` na kosa linashuka mpaka tawi lingine lianze. Hilo angalau unaliona. Baya zaidi ni kuingiza mstari katikati. Fomula iliyokuwa inatazama D4 inaendelea kutazama D4, inauruka mstari mpya. Ukiandika tawi jipya kwenye mstari ulioingizwa, wakulima wa chini yake wanabaki kwenye tawi la zamani, bila kosa lolote kuonekana. Ndiyo maana nikijua shiti itaongezewa mistari katikati, napendelea hii:

```
=LOOKUP(2,1/(A$2:A2<>""),A$2:A2)
```

Kila penye jina panapata 1, kila patupu panapata kosa la kugawa kwa sifuri. LOOKUP inatafuta 2, haiipati, inaruka makosa yote na kutulia kwenye 1 ya mwisho, yaani jina la karibu zaidi kwenda juu. Mstari ukiingizwa, eneo linapanuka lenyewe na jina jipya linahesabiwa. Mstari mpya wenyewe usisahau kuuburutia fomula.

Kijana_wa_Sheets
Hiyo ya LOOKUP nimeiweka kwenye faili la mistari 20,000 na kompyuta ikaganda. Kila mstari unasoma kuanzia A2, kwa hiyo jumla ni kama seli milioni 200. Kwa Excel 365 au Google Sheets, andika moja tu kwenye D2:

```
=SCAN("",A2:A6,LAMBDA(jina,seli,IF(seli="",jina,seli)))
```

Inapita mara moja, inabeba jina mkononi, inalibadilisha ikikutana na jingine. Huburuti chochote.

Mzee_wa_Seli
Nzuri, lakini Excel 2019 na 2021 hazina SCAN. Faili likifunguliwa huko, fomula haiwezi kuhesabu upya. Pia ndani ya jedwali rasmi la Excel inaleta `#SPILL!`. Huko kijijini kompyuta bado ni za zamani, mimi nabaki na IF.

Fundi_Data
Sawa kuhusu ISBLANK, nimejaribu LEN na kweli zimo nafasi. Lakini nikishapata D iliyojaa, naweza kupanga kwa kilo kubwa kwenda ndogo, si ndiyo?

Mama_Hesabu
Hapana, na hapa naomba wote msome. Fomula zote tatu zinategemea mpangilio wa mistari. Chukua data ya Karani, ipange kwa kilo: 320 Kitangari, 210 tupu, 180 Mkunya, 145 tupu, 95 tupu. Sasa Kitangari inapata 530 na Mkunya 420. Ukweli ni 675 na 275. Jumla kuu bado ni 950, kwa hiyo ukikagua jumla pekee hutagundua kitu, na mkulima wa Kitangari analipwa kupitia Mkunya. Kabla ya kupanga, nakili D, kisha Paste Special, Values. Kuchuja hakuna tatizo, kupanga ndiko kunakoharibu.

Angalia pia mstari wa kwanza. Kama A2 ni tupu, IF inachukua kichwa cha kolamu, SCAN inaacha wazi, LOOKUP inaleta `#N/A`. Hiyo ya mwisho ndiyo naiona ya haki zaidi, kwa sababu inapiga kelele.

Juma_wa_Stoo
Basi na kolamu ya kilo nayo nijaze hivyo hivyo? Kuna wakulima wana patupu.

Mzee_wa_Seli
Usithubutu. Patupu kwenye kilo ni mkulima ambaye mzigo wake haujapimwa. Ukijaza, unampa kilo za jirani.

Karani_wa_Chama
Asanteni sana wakuu. Nina mistari kama 900, na mara nyingi naingiza katikati, kwa hiyo nachukua LOOKUP. Swali moja: baadhi ya matawi yana maghala mawili, jina la ghala liko kolamu nyingine nalo limeandikwa mara moja. Tawi lisilo na ghala linabeba ghala la tawi lililotangulia. Nifanyeje?

Mama_Hesabu
Ghala likiwa kolamu E, na jibu likienda F, anza F2 hivi:

```
=IF(E2<>"",E2,IF(A2<>"","",F1))
```

Tawi likibadilika bila ghala, inaacha wazi badala ya kuvuta la juu. Ila imerudi kwenye IF, na tatizo la kuingiza mstari liko pale pale. Ya LOOKUP yenye viwango viwili bado sijapata inayoniridhisha.

Kijana_wa_Sheets
Nadhani SCAN ikipita kwenye namba za mistari badala ya majina inawezekana. Nitaijaribu kesho kwenye faili la kwangu.