Mashine isiyoandika ikiruhusiwa kurudi nyuma, inapata nguvu zaidi?

Baraka: Wakuu, otomata ni mashine inayosoma neno herufi moja moja, na inachokumbuka ni hali iliyomo tu, kati ya hali chache zisizoongezeka. Inayosoma kuelekea kulia tu haiwezi kutambua a^n b^n, yaani a kadhaa zikifuatwa na b za idadi ileile, hilo sina ubishi nalo. Ila ikiruhusiwa kurudi nyuma itakavyo, kwa nini ishindwe? Isome a moja, ikimbilie b moja, irudi, mpaka ziishe.

Mwanahamisi: Itajuaje a ipi imeshahesabiwa? Haiachi alama yoyote. Kumbukumbu hakuna, basi.

Baraka: Dada, mahali kichwa kilipo ni kumbukumbu pia. Neno la herufi milioni lina mahali milioni.

Mwalimu Neema: Baraka ana hoja, na jibu la Mwanahamisi halimfikii. Lakini wanahisabati Rabin na Scott walithibitisha mwaka 1959 kwamba kurudi nyuma hakuiongezei otomata lugha inazoweza kutambua, na mwaka huohuo Shepherdson akatoa njia fupi zaidi. Weka mpaka mahali a zinapoishia. Kichwa kikiwa upande wa b hakizioni a. Kikivuka kwenda kushoto kikiwa katika hali fulani, kinarudi kikiwa katika hali nyingine, au hakirudi kamwe. Hayo tu ndiyo a zinazoweza kuuambia upande wa pili.

Sasa chukua mashine ya hali 3, inayokubali neno kwa kutokea mwisho wa kulia. Andika jedwali: kwa kila hali ya kuingilia, inatoka na ipi? Ongeza swali la nne: ilivuka mpaka mara ya kwanza ikiwa katika hali gani? Kila swali lina majibu 4, yaani moja ya hali 3 au kamwe, kwa hiyo majedwali hayazidi 256. Ukijaribu a moja, a mbili, hadi a 257, lazima idadi mbili ziwe na jedwali moja. Ziite i na j. Zifuatishie zote b kiasi cha i: mashine itazikubali zote mbili au itazikataa zote mbili, hata ivuke mara elfu. Imekosea.

Kombo: Mbona programu yangu inapita faili mbele na nyuma, na inatambua maneno yanayosomeka sawa pande zote?

Mwalimu Neema: Kaka Kombo, bila shaka ina vihesabio `i` na `j` ndani. Thamani zake hukua kadiri faili linavyokua. Otomata haina kihesabio hicho.

Mwanahamisi: Basi mwendo wa nyuma tuufute, hauna kazi.

Mwalimu Neema: Hapo sikubaliani nawe. Chukua neno la 0 na 1, uliza kama herufi ya 10 kutoka mwisho ni 1. Anayekwenda mbele tu lazima akumbuke herufi 10 za karibuni, yaani hali 1024. Anayeruhusiwa kurudi anafika mwisho, anahesabu hatua za kurudi, anaangalia. Hali kumi na kitu zinamtosha.

Baraka: Jedwali limenishawishi. Na otomata inayobahatisha njia je? Tukiinyima kubahatisha tukaipa kurudi nyuma, hali zitaongezeka sana?

Mwalimu Neema: Sakoda na Sipser waliliuliza hilo mwaka 1978, na bado halijajibiwa. Mimi naamini zitalipuka.

Mwanahamisi: Mimi siamini, Mwalimu. Huo mfano wako wa herufi ya 10 unaonyesha kurudi kunaokoa mengi.

Mwalimu Neema: Unaonyesha kwa lugha hiyo moja. Nionyeshe kwa zote.