Nahesabu pumzi wiki mbili sasa na joto bado linanipanda. Hii CBT ni ya kweli au napoteza hela?

MwalimuWaMoro
Wadau shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Nina miaka 51, nafundisha sekondari hapa Morogoro. Miaka mitatu iliyopita nilitibiwa saratani ya titi, nikapona kwa uwezo wa Mungu, na mpaka leo nameza vidonge vya tamoksifeni kila siku ili isirudi. Hedhi ilishakata na sasa shida ni joto. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka usoni, moyo unakimbia, jasho linanitoka nikiwa nimesimama ubaoni, halafu ndani ya dakika kama nne limeisha nabaki nasikia baridi. Usiku ndo balaa, naamka saa nane khanga imelowa kama nimeifua.

Homoni daktari kakataa kabisa kwa sababu ya ile saratani, na nimemwelewa. Nikasoma mahali kwamba ukipumua taratibu, pumzi sita kwa dakika, joto linapungua nusu. Nimefanya wiki mbili asubuhi na jioni dakika 15 kila mara, sijaruka hata siku moja, na nimehesabu: mwanzo mara 9 kwa siku, sasa mara 9. Hapo hospitali kuna nesi kaniambia nitafute mtaalamu wa saikolojia wa kunifanyia CBT. Kikao kimoja ni hela ambayo kwa mshahara wangu naisikia. Naombeni mwenye kujua anisaidie, je inafanya kazi kweli au ni kuambiwa "tulia utapona"?

Bi_Zuhura_Tanga
Pole mwanangu. Usiache hizo pumzi, wiki mbili ni ndogo. Utafiti upo, wa Marekani wa mwaka 1992, wanawake 33, waliofundishwa kupumua polepole joto lilipungua karibu asilimia 40 na walipimwa kwa mashine inayosoma jasho la kifuani, sio kwa kujisemea. Mimi mwenyewe nafanya na nalala vizuri. Tatizo wengi mnapumulia kifua badala ya tumbo. Weka mkono kitovuni, ukivuta uinuke, ukitoa ushuke.

Kiongozi_wa_Familia
Samahani kuingilia. Mke wangu ana miaka 48 ana dalili hizo hizo na hapo hapo kakonda sana na anakohoa jioni. Hiyo CBT ni vidonge au sindano? Inapatikana duka la dawa?

NesiWaZamani
Kaka yangu Kiongozi nakuanza wewe kwanza maana lako haliwezi kusubiri. CBT ni tiba ya saikolojia, mazungumzo na mazoezi ya kubadili unavyofikiri na unavyofanya shida ikikushika, haipo duka la dawa. Ila mke kukonda, kukohoa na jasho la usiku, usikae ukisema ni umri. Mpeleke apimwe makohozi ya kifua kikuu wiki hii hii. Jasho la ukomo wa hedhi halikondeshi mtu wala halileti kikohozi.

Sasa mwalimu. Nilikuwa nesi Uingereza kwa miaka mingi, sehemu kubwa kwenye kliniki ya wanawake wa umri huu, kwa hiyo nazungumza nilichokiona na nilichosoma. Bi Zuhura ana haki kuhusu ule utafiti wa 1992, upo na namba ni hizo. Lakini wanawake 33 ni wachache, na walipokuja watafiti wengine wakafanya kwa watu wengi zaidi mambo yakawa tofauti. Mwaka 2013 kuna waliofuatilia wanawake 218 kwa wiki 16, kundi moja wakapumua taratibu, kundi la pili wakapumua haraka na kwa ufupi, la tatu wakaendelea na maisha yao. Pumzi za taratibu hazikushinda kundi lolote. Mwaka 2015 wakajaribu na kifaa kinachoongoza pumzi, wanawake 123, na waliopewa kusikiliza muziki wa taratibu ndio joto lao lilipungua zaidi kuliko wenye kifaa. Ndio maana mwaka 2023 chama cha madaktari wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini kilipotoa msimamo wake kuhusu tiba zisizo za homoni, pumzi za taratibu peke yake zikaachwa nje ya zinazopendekezwa na CBT ikapendekezwa. Kwa hiyo mwalimu hujakosea kupumua. Ulichoahidiwa ndicho kilikuwa kikubwa kuliko ushahidi.

Bi_Zuhura_Tanga
Sasa mimi mbona zinanisaidia? Au mnataka kuniambia najidanganya?

NesiWaZamani
Hapana mama yangu, hujidanganyi. Pumzi zinatuliza moyo unaokimbia, zinakurudisha usingizini, hilo ni lako na libaki lako. Ninachosema ni kwamba hazizimi joto lenyewe. Kwenye ubongo kuna sehemu inayoshika kipimo cha joto la mwili, na homoni ya kike, estrojeni, ikishuka kile kipimo kinakuwa chepesi mno, joto likiongezeka kidogo tu mwili unaamua "moto!" unafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho. Pumzi hazifiki pale kukirekebisha.

Mdau_Mtafiti
Nesi hapo sijakuelewa, kama pumzi hazifiki pale basi na CBT haifiki. Kuongea na mtu kutazima vipi mishipa?

NesiWaZamani
Haizimi. Na hapa ndipo nataka mwalimu aelewe kabla hajatoa hata shilingi. Majaribio makubwa ya CBT yalifanyika London, King's College, chini ya profesa Myra Hunter. La kwanza matokeo yake yalitoka 2012, wanawake 96, wote walikuwa wametibiwa saratani ya titi kama wewe mwalimu. Kikundi kidogo, saa moja na nusu kwa wiki, wiki sita. Idadi ya vipindi vya joto haikupishana na wale ambao hawakupata kikundi. Kilichoshuka ni usumbufu, na ulikuwa bado uko chini hata baada ya wiki 26.

Usumbufu wanaupima hivi: maswali matatu, kila moja unajipa alama 1 hadi 10. Wiki hii joto limekuumiza kiasi gani? Limekuwa tatizo kiasi gani? Limekuzuia kufanya shughuli zako kiasi gani? Unajumlisha, unagawanya kwa tatu. Ikishuka kwa alama mbili au zaidi wanasema mabadiliko ni ya kweli kwa mgonjwa.

Jaribio la pili, mwaka huo huo, wanawake 140 wasio na saratani. Wengine kikundi cha vikao vinne, wengine walipewa kijitabu na sidii wajifunze nyumbani kwa wiki nne, wengine hawakupewa kitu. Walioshuka alama mbili au zaidi: kikundi asilimia 65, kijitabu asilimia 73, wasiopewa kitu asilimia 21. Ona hiyo ya kijitabu mwalimu. Kwa shida hii hulazimiki kulipia vikao ishirini.

Mdau_Mtafiti
Lakini wasiopewa kitu walijua hawakupewa kitu. Mtu akishatendewa jema lazima ajaze alama nzuri. Na wote hao ni wanawake wa Uingereza. Mimi bado nina wasiwasi.

NesiWaZamani
Wasiwasi wako ni halali na siwezi kukuondolea wote. Huwezi kumficha mtu kwamba yuko kwenye mazungumzo. Ila kama ingekuwa ni kufurahisha watafiti tu, wangeandika pia kwamba vipindi vimepungua, na kwenye lile jaribio la wenye saratani hawakuandika hivyo.

MwalimuWaMoro
Nesi asante sana, nimelia kidogo nikisoma hapo kwenye saratani. Naomba unieleze wanafanya nini hasa humo ndani maana mimi kinachoniumiza ni darasani. Likianza tu najisemea "watoto wote wanaona, wanajua mwalimu kaisha", naomba ruhusa natoka nje, kipindi kinavunjika. Sikuhizi hata kikao cha walimu nakaa mlangoni.

NesiWaZamani
Umeshajieleza mwenyewe, hiyo ndiyo kazi. Joto linakuja, unajisemea wote wanaona, hofu inapanda, moyo unaongeza mbio, na mbio za moyo unazisoma kama joto limezidi. Ukitoka nje inakuwa umejithibitishia kwamba usingetoka ungeaibika. Kesho hofu inaanza kabla hata ya joto.

Fanya hivi. Wiki ya kwanza andika tu, usibadilishe kitu: saa ngapi, uko wapi, ulijiambia nini, ulifanya nini. Mwisho wa wiki jibu yale maswali matatu. Wiki ya pili chukua sentensi moja, hiyo ya watoto, uiulize maswali: nani amewahi kusema kitu? Mimi nikimwona mwalimu mwenzangu anatoka jasho nafikiri nini? Andika sentensi nyingine unayoweza kuiamini, mfano "ni dakika nne, limeshakuja mara nyingi na limeisha mara zote". Wiki ya tatu usitoke. Likianza, lega mabega, toa pumzi ndefu taratibu kwa tumbo, ile uliyojifunza, sema sentensi yako, endelea kuandika ubaoni. Hapo ndipo pumzi zina kazi, ndani ya tukio, siyo dakika 15 chumbani ukitegemea zipunguze idadi.

Usiku: ukiamka usiangalie simu wala saa. Funua shuka, badili khanga kama imelowa, iwe imeshakunjwa pembeni ya kitanda, pumua, rudi ulale. Usianze kupiga hesabu ya masaa yaliyobaki.

Bi_Zuhura_Tanga
Hilo la simu ni kweli tupu.

Kiongozi_wa_Familia
Tumeenda leo, makohozi wamechukua, tunasubiri majibu. Asante nesi.

MwalimuWaMoro
Nimerudi, wiki nne zimepita. Wiki ya kwanza alama zangu zilikuwa 8, 9 na 7, wastani 8. Jana nimejaza 6, 5 na 5, kama 5.3. Joto lenyewe mara 8 au 9 kwa siku, halijabadilika la maana. Alhamisi lilinishika katikati ya kipindi cha fomu tatu, nikashika chaki nikapumua nikaendelea, mtoto wa mbele akauliza swali la mada wala hakuuliza kuhusu jasho.

Usiku bado. Naamka mara tatu, simu nimeihamishia sebuleni lakini nikishaamka kichwa kinaanza kupanga mambo ya kesho, sirudi usingizini mpaka alfajiri.

NesiWaZamani
Hongera sana kwa mchana. Usiku kama unazidi nusu saa macho, inuka, kaa sebuleni gizagiza mpaka usingizi ushike, ndipo urudi kitandani, na saa ya kuamka iwe ile ile hata Jumapili. Wamarekani waliwafundisha wanawake 106 kwa simu mambo ya aina hiyo na usingizi ulipona vizuri ingawa joto lilibaki lile lile kwa idadi. Na kabla ya kulala andika mambo ya kesho kwenye karatasi saa moja jioni, uyaache huko. Hela ya mtaalamu kama unayo, itumie kwa huo usiku, darasa umeshalishika mwenyewe. Ukienda kliniki pia mwambie daktari wako wa saratani kwamba usiku bado, zipo dawa zisizo za homoni ila nyingine zinagongana na tamoksifeni, achague yeye.

MwalimuWaMoro
Kliniki ni tarehe 14. Nitamwonyesha na daftari.