Naomba ushauri: tairi la spea la 2017 halijawahi kutumika, nilifunge?

Wakuu, habari zenu. Probox niliyonunua ina tairi la spea ambalo halijagusa barabara, kashata zote zimejaa. Upande wa nje DOT haina tarehe. Nilipoligeuza nikakuta 2317, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2017, mwanzoni mwa Juni.

Najua mpira huzeeka hata ukikaa kwenye buti, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10, spea ikiwemo. Kinachonitisha zaidi ni nyufa nyembamba ubavuni na katikati ya kashata. Fundi anasema nilifunge mbele. Kwa Dar–Mbeya na mzigo, mimi naogopa litapasuka.

Nyufa hizo zinatosha kulitupa, au libaki la kunifikisha gereji tu?