Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kutolewa mafuta ya mashavu

Habari zenu wapendwa. Niko Tanga, Ngamiani. Mdogo wangu wa kike ana miaka 23, uso wa mviringo, na anataka kutolewa mafuta ya mashavu ili uso uchongoke chini. Daktari hupasua kidogo ndani ya shavu, huvuta kifuko cha mafuta na kukikata. Kovu halionekani nje, na hilo ndilo lililomteka.

Mimi roho inasita. Mafuta yale hayarudi, na uso hupungua nyama wenyewe umri unavyosogea. Mwenye mashavu yaliyojaa kweli na uzito uliotulia huenda upasuaji huo ukamkaa vizuri. Mwembamba akifanyiwa, akifika miaka ya 40, mashavu yanaweza kuingia ndani akaonekana kama anaumwa. Mama yetu kwenye picha ya harusi utadhani ni huyu mdogo wangu. Leo mashavu yake yamebonyea bila kuguswa na kisu.

Jana nilimwambia aume meno, nikamshika kwenye kona ya taya: pakatuna, pakawa pagumu. Nahisi upana wake ni msuli, na kutoa mafuta hakupunguzi msuli.

Uliyefanyiwa miaka mingi iliyopita, uso wako ukoje sasa? Na tumuulize nini daktari kabla hatujalipa?