Tangazo la kufunga ofisi kwa mafuriko lilitoka saa 3:40 asubuhi, dada wa usafi alishakanyaga maji tangu saa 11:30 alfajiri

DirishaLaMapokezi:

Wakuu, nimevumilia wiki nzima na sasa naandika. Nakaa mapokezi, kwa hiyo kila lawama hunifikia mimi kwanza.

Usiku wa kuamkia Jumanne mvua ilinyesha, mtaro ulio nyuma ya jengo ukazidiwa, maji yakaingia ghorofa ya chini. Mlinzi alimpigia meneja saa 9 usiku akamwambia maji yamefika kwenye vifundo vya miguu na taa bado zinawaka. Zingatieni hilo la taa. Umeme ulikuwepo, na ekstensheni zetu zote zinalala sakafuni chini ya meza.

Tangazo la kufunga ofisi lilitoka saa 3:40 asubuhi. Zaidi ya saa sita baada ya simu ya mlinzi!

Dada wa usafi huingia saa 11:30 alfajiri kabla ya mtu yeyote. Ameajiriwa na kampuni ya usafi, hayumo kwenye kundi letu la WhatsApp na hana barua pepe ya ofisi. Alifungua mlango wa nyuma, akaingia na ndoo yake. Anasema alihisi miguu inachonyota kama imeumwa na siafu wengi kwa pamoja, akarudi kinyumenyume, mlinzi akamvuta kanga. Yu mzima. Lakini nikiwaza kwamba angesonga hatua tatu mbele hadi kwenye meza yangu, nakosa usingizi.

Sasa someni tangazo lenyewe, nalinakili neno kwa neno:

"Kwa wafanyakazi na wateja wetu wapendwa. Kutokana na hali iliyo nje ya uwezo wetu, ofisi haitafunguliwa leo. Huduma zitarejea kesho 8:00 au itakapotangazwa vinginevyo. Kwa maswali wasiliana na msimamizi wako au piga namba za ofisi. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Leo ipi? Hakuna siku wala tarehe. Hali gani? Neno maji halimo, neno umeme halimo, kwa hiyo wenzangu wawili walikuja "kuchukua vitu mara moja" wakakuta kamba mlangoni. Mteja ana msimamizi gani? Na namba za ofisi zinapita kwenye mtambo wa simu ulio chumba kilekile kilichoingia maji. Ulikuwa umekufa.

Jumatano umeme haukuwa umerudi na hapakuwa na tangazo jipya. Walikuja watu saa 2 asubuhi, nikawarudisha nikiwa nimesimama nje. Nikadhani yamekwisha, kumbe wengine waliisoma ile 8:00 kuwa saa 8 mchana, nao wakaja, baadhi yao kutoka mbali. Nilitukanwa mara mbili kwa siku moja kwa tarakimu moja.

Alhamisi tulifungua. Meseji ile ya Jumanne ilikuwa bado inazunguka kwenye makundi ya wateja. Mama mmoja alikuwa na fomu ya kuwasilisha kwetu, mwisho Alhamisi saa 10 jioni. Asubuhi ile alitumiwa na jirani yake "ofisi haitafunguliwa leo". Akabaki nyumbani. Ijumaa amekuja na simu mkononi kunionyesha, na kaunta ya fomu imemwambia muda umepita.

Uongozi unasema "tulitoa taarifa". Nataka kujua kwa wenye uzoefu: hii inaitwa taarifa?

KaribuTena:

Pole sana dada. Mimi kwangu umeme umekatika siku ya tatu leo, nyama yote kwenye friji imeharibika. Nimdai nani?

DirishaLaMapokezi:

@KaribuTena pole nawe ndugu yangu, ila hapa naongelea tangazo la ofisi. Fungua uzi wako, utapata wa kukujibu.

Kidole_Juu:

Mleta mada una haki kwa tarehe, ila kwa hilo la maji unakuza. Dawa ni moja: mlinzi angezima meni swichi. Umeme ukishazimwa maji ni maji tu, watu wanaingia wanaokoa kompyuta zao. Tangazo halihitaji kuwatisha watu.

fundi_wa_zamu:

@Kidole_Juu nusu yako ni kweli, nusu nyingine inaua. Kuzima ni lazima, lakini nani azime? Kama meni swichi iko ghorofa ya chini na ili kuifikia lazima ukanyage maji, mlinzi asiiguse kabisa. Anayekata hapo ni mtu wa shirika la umeme, na anakata akiwa nje, kabla umeme haujaingia jengoni.

Pili, hata baada ya kukata, ofisi zina betri za akiba za kompyuta. Umeme wa nje ukipotea zenyewe ndiyo kwanza zinaanza kazi, zinapeleka umeme kwenye nyaya zilezile zilizolala majini. Utazisikia zinalia pii pii. Kuna na jenereta zinazojiwasha zenyewe. Mtu anaona taa zimezimika, anajiamini, anaingia.

Tatu, maji yakikauka kazi haijaisha. Soketi na sakiti breka zilizozama huonekana nzima kwa nje huku ndani zimebaki na tope na kutu. Breka ya namna hiyo inaweza kukataa kukata siku ya hitilafu, kwa hiyo tunazibadilisha, hatuzianiki juani. Ndiyo maana tarehe ya kufungua haiwezi kutajwa na meneja Jumanne asubuhi. Hiyo "kesho 8:00" ilitajwa kabla fundi hajafungua hata kifuniko kimoja. Kwa uzoefu wangu, jengo dogo lililoingia maji hadi kwenye soketi halirudi siku moja.

Kidole_Juu:

Hilo la betri sikulijua. Nakubali.

mpanga_zamu:

Dada wa mapokezi, kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuandaa mipango ya dharura ya ofisi, na kosa kubwa silioni kwenye maneno ya tangazo. Liko kwenye zile saa sita. Nakuhakikishia meneja wako hakuwa amelala. Alikuwa anamtafuta bosi wake aidhinishe, na bosi anataka kujua ofisi itafunguliwa lini kabla hajasema imefungwa. Ndivyo inavyokwenda karibu kila mahali. Tangazo la kwanza halitakiwi kungoja jibu la lini. Linatakiwa kusema msiingie, na saa ngapi mtasikia tena kutoka kwetu. Mtu wa kulituma awe ameshapewa ruhusa siku za jua kali, yeye na msaidizi wake, bila kumuuliza mtu usiku.

Kwa kisa chako, mlinzi amepiga saa 9 usiku. Hata ukimpa meneja saa mbili nzima za kuamka na kuhakikisha, meseji hii ingetoka saa 11 alfajiri, nusu saa kabla ya dada wa usafi:

"Na.1 Jumanne 14, saa 11 alfajiri. Maji yameingia ofisini, umeme upo. USIINGIE JENGONI. Ofisi imefungwa Jumanne yote. Taarifa ijayo Jumanne saa 10 jioni."

Hesabu herufi, nafasi na alama: hazifiki 160, ambao ndio mwisho wa meseji moja ya kawaida. Hakuna "leo" wala "kesho" ndani yake, kwa sababu meseji ikisambazwa keshokutwa, "leo" inabadilika maana na "Jumanne 14" haibadiliki. Saa imeandikwa na neno la wakati, alfajiri, jioni, hivyo hakuna wa kuisoma vingine. Na ile namba mwanzoni ndiyo ingemwokoa mama wa fomu. Alhamisi mngetuma "Na.4, inafuta Na.1 hadi 3, ofisi imefunguliwa". Mwenye Na.1 mkononi angejua ana karatasi kuukuu.

Jioni saa 10 ikifika na hamna jipya, mnatuma hivyo hivyo: fundi bado anakagua, taarifa ijayo Jumatano saa 1 asubuhi. Mkikaa kimya hapo, watu wanajijazia wenyewe, kama walivyofanya kwenu Jumatano.

BintiWaTatu:

Na sisi tulipata tangazo la hivi kwa meseji, lilikuja vipande vinne, kipande cha pili kikafika baada ya saa nzima. Mtandao ulikuwa umezidiwa nadhani.

mpanga_zamu:

@BintiWaTatu inawezekana ni mtandao, ila liangalie tena. Lilikuwa na neno lenye ng', kama nguzo iling'oka? Mtu akiandika kwenye programu ya kuandikia barua kisha akanakili, ile alama hugeuzwa ikapinda. Alama iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za meseji, kwa hiyo meseji nzima inahama mfumo na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Ndipo inakatwa vipande. Iandike kwenye simu yenyewe, uhakikishe alama imenyooka, au uchague neno jingine.

BintiWaTatu:

Nimefungua sasa hivi. "Nguzo iling'oka", ndiyo, alama imepinda.

Msomaji_Kimya:

Swali la mteja. Nilituma barua pepe kwa ofisi fulani wakati seva yao imezimwa siku mbili. Zimepotea?

mpanga_zamu:

Kwa kawaida hapana. Seva inayotuma huzishikilia na kujaribu tena kwa siku kadhaa, nyingi siku nne au tano, kabla ya kukurudishia. Ila kwa mwenye tarehe ya mwisho hilo halimsaidii, kwa sababu mpokeaji ataiona baada ya siku mbili. Tangazo la wateja, ambalo liwe peke yake na si lile la wafanyakazi, lazima liseme namba moja ya simu ya mkononi inayopokelewa, na makataa ya siku hizo yanasogezwa hadi lini.

DirishaLaMapokezi:

Na kama makataa si yetu? Fomu ya mama tunaipokea sisi lakini tunaipeleka ofisi nyingine, na wao hawakuingia maji.

mpanga_zamu:

Hapo ni pagumu. Ningeiandikia ofisi hiyo nyingine siku ileile ya Jumanne niombe muda kwa wateja wote, kwa maandishi. Baada ya Alhamisi sijui kama watasikiliza, hasa kwa vile siku ile mlango wenu ulikuwa wazi.

DirishaLaMapokezi:

Nimeichapa ile Na.1, nimeibandika ndani ya kabati la mapokezi na kumpa mlinzi nakala. Namba ya dada wa usafi nimeiweka juu kabisa ya orodha, nimeiandika kwa mkono.

Barua ya kumwombea mama muda naipeleka Jumatatu, hata kama meneja hataki kuisaini.

Na jambo jingine limejitokeza leo. Kampuni ya usafi imemkata dada siku tatu kwa sababu "hakufanya usafi". Mwenye kujua nani anatakiwa kumlipa zile siku, sisi au wao, aniambie. Mkataba hausemi.